Nani Analibeba Daraja Saa Hii?

Februari 2008, kipande cha Daraja la Birmingham katika jiji la Pittsburgh, Marekani, kilishuka ghafla kwa takriban sentimita 20. Nguzo hazikuvunjika na mihimili haikukatika. Zilizoshindwa ni beringi, yaani vyuma vinavyokaa kati ya kichwa cha nguzo na mhimili. Viliinama upande mmoja hadi vikalala, na barabara iliyokuwa juu yake ikashuka navyo.

Beringi hufanya kazi mbili. Hupokea uzito wa daraja na kuukabidhi kwa nguzo, na wakati huohuo huliachia daraja nafasi ya kujinyoosha na kujikunja. Mhimili wa zege wenye urefu wa mita 30 hurefuka kwa milimita 6 hivi joto lake likipanda kwa nyuzi 20. Katika madaraja mengi ya zege, beringi ni pedi nene ya mpira yenye mabamba membamba ya chuma ndani yake. Mpira huo hukubali kuvutwa kwenda na kurudi kila siku. Ukikauka, ukapasuka au ukachomoka mahali pake, ile nguvu ya kujinyoosha huhamia kwenye kichwa cha nguzo, na zege huanza kumeguka. Daraja linaweza kujengwa lidumu miaka 100, lakini mpira hauna umri huo. Kuna siku utabadilishwa.

Kabla ya siku hiyo, mkandarasi huandika waraka wa utaratibu wa kazi, na mhandisi msimamizi huupitia. Unaweza kuwa na kurasa nyingi, lakini kiini chake ni swali moja linalopaswa kuwa na jibu kila saa ya kazi: ni kitu gani kinachobeba daraja sasa hivi? Mwanzo ni beringi ya zamani. Kisha ni mafuta yaliyoshindiliwa ndani ya jeki. Baada ya hapo ni chuma kitupu, halafu mafuta tena kwa muda mfupi, na mwisho beringi mpya. Ajali nyingi za kazi hii hujificha kwenye makabidhiano hayo.

Tuchukue mfano wa daraja la njia mbili lenye upana wa mita 10 na mihimili minne ya zege ya mita 30. Mihimili, sakafu, lami na kingo vikijumlishwa vinafika kama tani 400. Kila mwisho wa daraja unabeba nusu yake, tani 200, na kila mhimili unaishia na tani 50 juu ya beringi yake. Jeki mbili zikiwekwa kando ya kila beringi, tunapata jeki nane, kila moja ikibeba tani 25.

Hesabu haiishii hapo. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kufika tani 56. Lori hilo likipita huku daraja likiwa juu ya jeki, jeki za upande mmoja zinaweza kuongezewa tani 12 au zaidi kila moja. Kwa hiyo mhandisi atachagua jeki za tani 60, ili hata jeki iliyoelemewa zaidi isikaribie kikomo chake. Atachagua pia aina iliyo bapa, yenye kimo cha sentimita 12 au 13, kwa kuwa nafasi kati ya nguzo na mhimili kwa kawaida haizidi sana hapo. La muhimu kuliko yote, ziwe jeki zenye nati kubwa ya kufungia, ambayo ikikazwa hubeba mzigo chuma kwa chuma, hata mafuta yakivuja yote.

Hayo yanawezekana pale kichwa cha nguzo kinapokuwa kipana kiasi cha kukalisha jeki. Kikiwa chembamba, ni lazima kujenga nguzo za muda, na hapo ugumu huhamia ardhini. Tani 200 zikitua juu ya udongo unaostahimili tani 15 kwa kila mita ya mraba, kitako cha mnara wa chuma kinahitaji zaidi ya mita 13 za mraba. Hata kitako cha ukubwa huo kitadidimia kidogo kinapoanza kubeba. Ndiyo maana mnara hushindiliwa kwanza kwa jeki zake, ukaachwa umalize kudidimia, ndipo uaminiwe. Kando ya mto, waraka lazima useme pia maji yakipanda usiku nani atapima na kazi itasimamishwa maji yakifika wapi.

Mahali pa kusimamisha mnara nako kuna mtego. Mhimili wa zege umewekewa nondo kwa kutegemea kwamba utashikiliwa karibu na ncha zake. Ukiusukuma juu mita mbili au tatu mbele ya hapo, unaukandamiza mahali ambapo hakuna aliyewahi kupanga ukandamizwe, na nyufa za mshazari zinaweza kutokea ubavuni. Kila sehemu ya kuweka jeki hukokotolewa upya kwa kutumia michoro ya awali ya daraja.

Sasa tuje kwenye kunyanyua. Hata kama beringi mbovu ni moja tu, mwisho wote wa daraja hupandishwa pamoja. Mihimili minne imeunganishwa na sakafu moja, na hali yao ni ya watu wanne waliobeba kabati: anayeinuka kabla ya wenzake ndiye anayebebeshwa. Tofauti ya milimita mbili au tatu kati ya mhimili na jirani yake inatosha kupasua zege linaloviunganisha. Msanifu huweka kikomo, mara nyingi milimita 1, na kila mhimili hufungiwa kipimo chake ili tofauti hiyo ionekane mapema.

Pampu huanza kwa kugusisha tu, kama asilimia 10 ya mzigo uliokokotolewa. Watu hukagua mabamba, mipira ya mafuta na viungio. Kisha mzigo hupandishwa hadi asilimia 25, 50 na 75, na kila mara kazi husimama ili zege likaguliwe. Mpaka hapo daraja halijaachana na beringi, ingawa mpira huanza kujikunjua kadiri mzigo unavyoupungukia. Likaribiapo asilimia 100 ndipo linapoachia. Kuanzia hapo linapanda milimita moja moja, na kila milimita ikipatikana, nati hukazwa kuifuata. Pampu ikikatika ghafla, daraja haliwezi kushuka zaidi ya mwanya huo mdogo.

Itakuwaje jeki zikifika asilimia 110 au 120 na daraja halijasogea? Jibu sahihi ni kusimama, hata kama kuna anayesisitiza kuongeza nguvu. Ama uzito ulikadiriwa vibaya, ama kuna kitu kimelishika daraja: kiungo cha barabara kilichojaa mawe na lami, reli ya pembeni ambayo haikukatwa, bomba la maji lililopita chini ya sakafu, au nondo za kutia nanga ambazo hazikuonekana kwenye michoro. Kuongeza nguvu kunageuza kizuizi kidogo kuwa ufa mkubwa. Kwa hiyo waraka mzuri huweka kikomo cha juu cha shinikizo kwa kila jeki na kumtaja mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuruhusu hatua inayofuata.

Jumla ya kunyanyua ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Milimita 5 au 6 kwa kawaida zinatosha, sehemu yake ikiishia kwenye mpira wa zamani unaojikunjua baada ya kutuliwa mzigo. Lakini daraja lililopanda hivyo limepoteza pia kilicholizuia kuteleza. Breki ya lori, au mteremko mdogo tu, inaweza kulisogeza kwa mlalo, na jeki si chombo cha kuzuia msukumo wa ubavuni. Vizuizi vya chuma hufungwa kwenye kichwa cha nguzo kabla ya pampu kuwashwa.

Mpango wa magari unatokana na swali lile lile. Daraja likiwa juu ya mafuta, hakuna gari linalopita. Likiwa juu ya chuma, magari yanaweza kupita kwa masharti. Kunyanyua kwenyewe hupangwa wakati magari ni machache, tuseme saa saba usiku hadi saa kumi alfajiri, barabara ikiwa imefungwa kabisa. Nati zote zikikazwa na mafuta yakaachiwa, njia moja hufunguliwa, mwendo ukiwa kilomita 20 au 30 kwa saa, na bamba la chuma likiwa limefunika kidaraja kilichotokea kwenye kiungo. Malori huachiwa moja moja. Foleni huzuiwa mbali na daraja, maana malori yaliyosimama kwa mstari juu ya daraja ni mzigo tofauti na lori moja linalopita.

Koni peke yake hazitoshi; bodaboda itapenya katikati yake, na mtembea kwa miguu ataziruka. Vinahitajika vizuizi vizito, taa, na washika bendera wenye redio inayomfikia mwendesha pampu moja kwa moja. Na gari la wagonjwa likifika katikati ya kunyanyua? Waraka unapaswa kuwa na jibu tayari: pampu inasimama, nati nane zinakazwa, mafuta yanaachiwa, msimamizi anathibitisha, gari linapita polepole. Kwa kuwa nati zilikuwa zikifuata kila milimita, hilo ni suala la dakika chache.

Chini, beringi ya zamani huchomolewa, kitako husafishwa na kusawazishwa kwa grauti isiyosinyaa. Daraja haliteremshwi kwa kuangalia saa. Huteremshwa baada ya vipande vya grauti vilivyomwagwa pamoja na kitako kuvunjwa maabara na kuonyesha nguvu iliyotakiwa. Saa yenyewe ya kuteremsha huchaguliwa kwa joto. Ukiteremsha saa nane mchana, mhimili ukiwa umerefuka kabisa, beringi mpya itaanza maisha yake ikivutwa upande mmoja kila usiku. Kwa hiyo husubiriwa joto la kati.

Kuteremsha ni safari ileile kinyume chake: barabara hufungwa, mafuta hupokea mzigo ili nati zilegezwe, daraja hushuka milimita moja moja, tena mihimili yote pamoja. Kisha mkaguzi hupitisha kipande chembamba cha chuma pembezoni mwa kila beringi. Kikipenya upande mmoja, beringi haijakaa sawasawa, na daraja litanyanyuliwa tena. Mpira ukiwa umevimba kwa usawa pande zote, mzigo umefika unapotakiwa.

Ukurasa ambao bajeti ikibana hukatwa mapema ni ule wa kiungo cha barabara kilicho juu ya beringi. Mara nyingi ndicho kilichovujisha maji na kumwaga mchanga juu ya kichwa cha nguzo mpaka beringi ya kwanza ikaharibika. Kubadilisha beringi na kukiacha kiungo kikivuja ni kuuandaa waraka mwingine kama huu kabla ya wakati wake.