Sera ya kompyuta ofisini: sentensi ipi itasimama mbele ya Tume?

Tarehe 13 Julai 2007, mhandisi wa mauzo katika kampuni moja binafsi nchini Rumania aliitwa na wakubwa wake. Walimtaka aeleze kwa nini anatumia mtandao wa ofisi kwa mambo yake. Akajibu kwa maandishi kwamba akaunti ya Yahoo Messenger aliyoifungua kwa agizo la kampuni, ili awajibu wateja, ameitumia kwa kazi tu. Siku hiyohiyo akawekewa mezani kurasa 45 za mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake, mengine ya siri za ndani kabisa. Tarehe 1 Agosti akaachishwa kazi.

Kampuni ilijiona imejikinga vya kutosha. Ilikuwa na kanuni iliyokataza kutumia vifaa vyake kwa mambo binafsi, na mhandisi alikuwa ameisaini. Mahakama za nyumbani zilikubaliana nayo. Lakini kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Bărbulescu, ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 5 Septemba 2017 Jopo Kuu likaamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba faragha ya mfanyakazi huyo haikulindwa. Sababu kubwa ni kwamba kanuni ilimwambia asichopaswa kufanya, lakini haikumwambia mapema kwamba mawasiliano yake yatafuatiliwa, kwa kiasi gani, na kwamba mwajiri anaweza kusoma hata maneno yenyewe.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Dar es Salaam wala Nairobi. Hata hivyo swali lake linaihusu kila ofisi ndogo yenye kompyuta tano na sera ya matumizi iliyolala kabatini: siku mambo yakiharibika, sera hiyo itasimama?

Tanzania ina kipimo chake. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja mambo ya kuangaliwa kabla ya kusema kwamba mtu ameachishwa kazi kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Je, alivunja kanuni? Kanuni hiyo ni ya busara na inaeleweka bila utata? Aliijua, au ilitarajiwa kwamba angeijua? Imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo? Na je, kuachishwa kazi ni adhabu inayolingana na kosa? Mzigo wa kuthibitisha unambebea mwajiri. Mfanyakazi ana siku 30 tangu kuachishwa kazi za kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA.

Tuchukue ofisi ya mfano: shirika la watu 12 mjini Morogoro, lenye mkurugenzi, mhasibu, maofisa miradi, dereva na mlinzi. Sera yake imenakiliwa kutoka kwa mfadhili, ina kurasa 14 za Kiingereza, na inasema kwa kifupi kwamba kompyuta za ofisi ni za kazi za ofisi pekee. Kila siku sheria hiyo inavunjwa. Mhasibu anachapa fomu ya shule ya mwanawe, ofisa miradi anaangalia matokeo ya mpira, na mkurugenzi mwenyewe ananunua tiketi ya basi. Hakuna anayesema kitu. Kisha siku moja ofisa mmoja anapakua filamu, virusi vinaingia, ripoti za mwaka zinapotea, naye anafukuzwa kwa kosa la kutumia kompyuta kwa mambo binafsi.

Mbele ya Tume, utetezi wake utakuwa mfupi: kila mtu alifanya hivyo, na mkurugenzi alijua. Zaidi ya hapo, sera iliandikwa kwa lugha ambayo nusu ya wafanyakazi hawaisomi kwa raha. Kanuni hizohizo za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi aelezwe tuhuma zake kwa namna na lugha anayoweza kuielewa. Itakuwa vigumu kueleza kwa nini tuhuma ziwe za Kiswahili huku sheria iliyovunjwa haikuwahi kutafsiriwa.

Dawa ni kuandika upya sentensi ile ili ifanane na maisha ya ofisini. Kwa mfano: "Mfanyakazi anaruhusiwa kutumia kompyuta ya ofisi kwa mambo binafsi wakati wa chakula cha mchana na baada ya saa za kazi. Haruhusiwi kupakua filamu, muziki wala programu yoyote bila idhini ya maandishi ya mkurugenzi. Haruhusiwi kumwachia kompyuta mtu asiye mfanyakazi, akiwamo mwenzi wake au mtoto wake." Sentensi hizi tatu zinaachilia yasiyodhuru na kukataza yanayoleta hasara. Mtoto aliyeachiwa kompyuta ya ofisi jioni ili acheze gemu sasa ametajwa, na mzazi hawezi kusema hakujua.

Fungu la ufuatiliaji lifuate papo hapo, kwa sababu ndilo lililoiangusha kampuni ya Rumania. Linaweza kusomeka hivi: "Mtambo wa ofisi unahifadhi orodha ya tovuti zilizofunguliwa kwa siku 90. Barua pepe za anwani ya ofisi zinaweza kufunguliwa na mkurugenzi akiwa pamoja na mjumbe mmoja wa bodi, pakiwa na sababu iliyoandikwa kwanza. Akaunti binafsi za mfanyakazi hazifunguliwi." Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu pia mwajiri anayekusanya taarifa za wafanyakazi wake. Akitajwa anayeruhusiwa kuangalia, kitu anachoruhusiwa kuangalia na sababu ya kufanya hivyo, wafanyakazi wanalindwa dhidi ya udadisi, na mkurugenzi analindwa dhidi ya lawama.

Barua pepe inahitaji uangalifu wa peke yake, maana kosa lake halirudi nyuma. Mwezi Februari 2020, shirika dogo la hisani liitwalo HIV Scotland lilituma barua moja kwa watu 105 wa mtandao wake wa ushauri. Anwani zikawekwa mahali pa Cc badala ya Bcc. Cc huonyesha anwani zote kwa kila anayepokea, ilhali Bcc huzificha. Anwani 65 kati ya hizo zilikuwa na majina ya watu, na yeyote aliyeipokea barua hiyo angeweza kukisia hali ya afya ya wengine. Oktoba 2021 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ikalitoza shirika hilo faini ya pauni 10,000.

Uchunguzi ulionyesha kwamba shirika lilikuwa limeiona hatari hiyo mapema. Lilikwisha kupata mfumo salama zaidi wa kutuma barua kwa watu wengi, ambao humtumia kila mtu nakala yake. Miezi saba baadaye baadhi ya barua zilikuwa bado zinapita njia ya zamani, mafunzo ya wafanyakazi yalikuwa haba na sera yenyewe haikutosha. Ofisi inayohudumia wagonjwa, wakopaji au waathirika wa ukatili haipaswi kutegemea umakini wa mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni. Iandike kwamba barua inayokwenda kwa zaidi ya watu 10 walio nje ya ofisi inatumwa kwa mfumo maalumu tu, iutaje mfumo huo kwa jina, na iifunge njia ya zamani siku hiyohiyo.

Hatari nyingine inaingia kwa mlango wa mhasibu. Barua inafika ikiwa na jina la msambazaji anayefahamika, ankara ni ileile, ila namba ya akaunti ya benki imebadilika. Kati ya mwaka 2013 na 2015, kampuni mbili kubwa za teknolojia za Marekani zilitapeliwa zaidi ya dola milioni 120 kwa ankara za kughushi za namna hii. Sheria inayozuia wizi huu haihitaji mtaalamu: namba ya akaunti haibadilishwi kwa barua pepe peke yake. Mhasibu ampigie msambazaji kwa namba iliyomo kwenye mkataba, kamwe si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo, na mtu wa pili asaini mabadiliko kabla ya malipo.

Hapa adhabu inahitaji hekima. Mfanyakazi anayejua kwamba atafukuzwa kwa kubofya kiungo cha matapeli atanyamaza, na ukimya huo unawapa matapeli siku nzima ya kufanya watakalo. Ndiyo maana sera nzuri inatenganisha makosa mawili. Aliyedanganyika akatoa taarifa mara moja haadhibiwi kwa kudanganyika. Aliyeficha, au aliyeruka hatua ya kupiga simu, ndiye anayeitwa kwenye nidhamu.

Adhabu nyingine zipangwe kwa ngazi tatu zinazoeleweka. Makosa madogo, kama kutumia mtandao kwa mambo binafsi wakati wa kazi, yaanze na onyo la mdomo, na yakirudiwa liwe onyo la maandishi. Makosa mazito, kama kumpa mwenzako nywila au kuweka programu za wizi, yaende moja kwa moja kwenye onyo la mwisho la maandishi. Ngazi ya tatu ni ya yale yanayoweza kumwachisha mtu kazi hata kwa mara ya kwanza: kutoa nje orodha ya wateja, kufuta mafaili kwa makusudi, kughushi barua kwa jina la mwingine.

Hata katika ngazi ya tatu, hakuna kufukuza kwa ujumbe wa WhatsApp usiku. Uchunguzi unatangulia. Kisha mfanyakazi anapewa tuhuma zake, kwa kawaida na muda usiopungua saa 48 za kujiandaa, na anaruhusiwa kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Ofisi ndogo iongeze jambo ambalo sera za kunakili hulisahau, yaani nani atachunguza ikiwa mtuhumiwa ni mkurugenzi, au ni yule kijana pekee anayezijua nywila zote. Jibu la kawaida ni mwenyekiti wa bodi, naye awe na nywila ya akiba ndani ya bahasha iliyofungwa.

Mkuu wa ofisi anayesoma haya aitoe sera yake kabatini wiki hii, kisha amwite mfanyakazi aliyeajiriwa mwisho na kumuuliza maswali matatu. Ni nani anaweza kusoma barua pepe zake za ofisi? Afanye nini msambazaji akituma akaunti mpya ya benki? Na akikosea, amwambie nani kwanza? Akishindwa kujibu hata moja, sera hiyo iandikwe upya kwa Kiswahili, isomwe kikaoni mbele ya wote, dereva na mlinzi wakiwamo, na kila mmoja asaini nakala yake na kubaki nayo.