Makato Kwenye Hati ya Mshahara Si Ushahidi Kwamba Mchango Umefika NSSF

NAIROBI – Mfanyakazi anayeona makato ya NSSF kwenye hati yake ya mshahara bado hana uthibitisho kwamba fedha hizo zimefika katika hazina. Uthibitisho huo hupatikana katika taarifa ya mwanachama, ambayo inafaa kusomwa sambamba na hati za mshahara, mwezi baada ya mwezi.

Chini ya Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, mwajiriwa hukatwa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Kikomo kilikuwa Sh36,000 kuanzia Februari 2024, kisha kikapandishwa hadi Sh72,000 Februari 2025.

Chukua mfano wa mfanyakazi aliyelipwa Sh50,000 mwezi Machi 2025. Alipaswa kukatwa Sh3,000, naye mwajiri kuongeza Sh3,000, hivyo taarifa ionyeshe Sh6,000 kwa mwezi huo. Ikionyesha Sh3,000 pekee, upande mmoja haukuwasilishwa. Ikionyesha Sh4,320, mwajiri aliendelea kutumia kikomo cha mwaka uliotangulia.

Ikionyesha Sh960, mwanachama asiharakishe kulalamika. Hicho kilikuwa kiwango cha daraja la kwanza mwezi huo, yaani asilimia 6 ya Sh8,000 za mwanzo kutoka kila upande. Sheria inaruhusu mchango wa daraja la pili kupelekwa katika mfuko mwingine wa pensheni ulioidhinishwa. Mwajiri aulizwe ni mfuko upi, kisha taarifa ya mfuko huo iangaliwe kama ina Sh5,040 zilizosalia.

Mwezi usio na mchango wowote unahitaji uangalifu. Mwajiri ana muda hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata kuwasilisha fedha, kwa hiyo mwezi uliokwisha hivi punde huenda ukakosekana bila kosa. Pengo la miezi iliyopita ni jambo jingine: ama fedha hazikupelekwa, ama zilipelekwa kwa nambari ya uanachama isiyo sahihi.

Hatua ya mwisho ni kukagua riba. Mwaka wa fedha wa hazina hufungwa Juni 30, na riba huingizwa baada ya kiwango chake kutangazwa. Tuseme kiwango ni asilimia 10 na salio la mwanzo wa mwaka lilikuwa Sh200,000. Riba ya salio hilo pekee ni Sh20,000. Taarifa ikionyesha chini ya hapo, mwanachama aombe maelezo. Mchango uliochelewa hukosa riba ya kipindi ambacho haukuwapo.

Mwenye pengo awasilishe katika tawi la NSSF nakala za hati za mshahara za miezi inayohusika pamoja na kitambulisho chake. Hati hizo ndizo zinazoonyesha kwamba makato yalifanywa, hivyo zihifadhiwe hata baada ya kuacha kazi.