Mtihani wa CCNA: Nyumbani au Kituoni?

Fundi wa mitandao anayeishi Morogoro na kujiandaa kwa mtihani wa CCNA wa Cisco ana njia mbili. Anaweza kupanda basi hadi kituo cha mtihani Dar es Salaam, au kubaki chumbani kwake na kusimamiwa kwa kamera kupitia programu ya OnVUE ya kampuni ya Pearson VUE. Nauli humvuta abaki. Kabla hajalipia, aangalie kwanza jina lake.

Fomu ya usajili hutaka jina la kwanza na la mwisho, na yote mawili yalingane na kitambulisho. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu anayejulikana kazini kama Asha Juma huenda pasipoti yake inasomeka Asha Juma Salum, basi jina lake la mwisho ni Salum. Kosa hilo hurekebishwa mapema kupitia huduma kwa wateja. Msimamizi hawezi kulirekebisha siku ya mtihani. Namba ya NIDA peke yake haitoshi, wala nakala iliyo kwenye simu. Kinachotakiwa ni kitambulisho halisi cha serikali, chenye picha na ambacho hakijaisha muda. Anayekwenda kituoni abebe na kitambulisho cha pili chenye jina na saini.

Nyumbani, kipimo cha mfumo kifanyike kwenye kompyuta ileile, kwa intaneti ileile, na ikiwezekana saa ileile ya mtihani. Kompyuta ya ofisini inaweza kupita kipimo jioni nyumbani, kisha ikagoma kesho yake ofisini kwa sababu ulinzi wa mtandao wa kampuni unazuia picha za kamera. VPN izimwe na skrini ya pili ichomolewe. Intaneti ya kugawa kutoka kwenye simu haishauriwi. Umeme nao usisahaulike: betri ya kompyuta haisaidii kitu ikiwa ruta imezimika.

Usajili wa siku yenyewe hufunguliwa dakika 30 kabla. Mtahiniwa hupiga picha ya uso, kitambulisho na pande nne za chumba, kisha simu huwekwa mbali. Mtu akiingia chumbani, au mtahiniwa akitoka mbele ya kamera bila ruhusa, mtihani unaweza kusitishwa. Hata kusoma maswali kwa sauti hukatazwa.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mahali pa kuandikia hesabu. Nyumbani karatasi na kalamu haziruhusiwi. Kuna ubao wa kwenye skrini tu. Kituoni hutolewa kibao cha kuandika kwa mkono na kufuta. Kwa CCNA, yenye hesabu za kugawa anwani za mtandao ndani ya dakika 120, tofauti hiyo ni kubwa.

Mwenye chumba kinachofungwa, kompyuta yake mwenyewe na intaneti isiyoyumba afanyie nyumbani, baada ya kuuzoea ubao ule. Anayepiga hesabu kwa mkono, au anayeishi nyumba yenye watoto wengi, alipe nauli aende kituoni.