Watano wakijigawa makundi matatu, njia ni ngapi?

WANACHUO watano wa Chuo cha Ualimu cha Shanzu, Mombasa, wanatakiwa kujigawa katika makundi matatu ili kuandaa somo. Kila mmoja awe katika kundi moja tu, wala pasiwe na kundi tupu. Je, kuna njia ngapi?

Wengi hukimbilia kusema kuwa kila mwanachuo ana makundi matatu ya kuchagua, hivyo 3 izidishwe kwa 3 hadi itokee mara tano, na jibu liwe 243. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, inajumlisha hata migawanyo inayoacha makundi matupu. Ikiondolewa, husalia 150. Pili, makundi haya hayana majina. Kuliita kundi lile lile la kwanza, la pili au la tatu hakuleti mgawanyo mpya, ilhali kila mgawanyo umehesabiwa mara sita. Jibu sahihi ni 25.

Iko njia ya kulifikia jibu hilo moja kwa moja. Tuwaite wanachuo hao Asha, Bakari, Charo, Dama na Esha, kisha tumweke Esha kando. Atakaporudi, ama atakuwa peke yake, ama atajiunga na wenzake.

Akiwa peke yake, wale wanne hawana budi kuunda makundi mawili. Huenda mmoja akajitenga na watatu, na hizo ni njia nne. Au wakaketi wawili wawili, nazo ni njia tatu, kwa kuwa Asha ana wenzi watatu wa kuchagua. Jumla ni saba.

Akijiunga na wenzake, wale wanne wawe tayari wameunda makundi matatu: wawili pamoja, wengine kila mtu kivyake. Jozi ni sita, kwa hiyo njia ni sita. Katika kila moja, Esha ana makundi matatu ya kuingia. Makundi hayo hayawezi kuchanganywa, maana kila moja linatambulika kwa watu wake. Ndiyo sababu sharti la kutokuwa na kundi tupu ni la lazima. Basi 3 mara 6, ukiongeza 7, ni 25.

Kanuni hiyo, kwa watu n na makundi k, huandikwa hivi:

S(n, k) = k × S(n−1, k) + S(n−1, k−1)

Hesabu hizi zimepewa jina la James Stirling, mwanahisabati wa Uskoti aliyeziweka katika kitabu chake cha mwaka 1730.

Hata hivyo, iwapo kila kundi limepewa somo lake, tuseme Kiswahili, Hisabati na Sayansi, makundi yameshapata majina. Hapo 25 huzidishwa kwa 6, na jibu huwa 150.

Na akiwasili mwanachuo wa sita? Watano hujigawa katika makundi mawili kwa njia 15. Basi 3 mara 25, ukiongeza 15, ni 90.