Kipeuo cha 30 mbele ya 127

Chukua namba yoyote nzima, izidishe kwa yenyewe, ugawanye jibu kwa 127, kisha tazama baki. Ukianza na 12 unapata 144, na baki ni 17. Ukianza na 20 unapata 400, na baki ni 19. Sasa geuza swali: ipo namba ambayo ukiifanyia hivyo baki linakuwa 30? Na je, ipo inayoacha 33?

Anayeuliza hivyo anauliza kama 30 na 33 zina kipeuo cha pili mbele ya 127. Kipeuo cha kawaida cha 30 ni tano na desimali zisizokoma, ila hapa desimali hazina kazi. Tunashughulika na mabaki tu, kuanzia 0 hadi 126, na 127 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Utasa huo ndio unaobeba hesabu yote inayofuata.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kujaribu zote: mraba wa 1, wa 2, wa 3, mpaka mwisho. Si lazima ufike 126, kwa sababu namba na kile kinachopungua kufikia 127 huacha baki lilelile zikizidishwa kwa zenyewe. Mraba wa 20 na mraba wa 107 vyote huacha 19. Kwa hiyo mabaki 126 yasiyo sifuri hujipanga wawili wawili, na kila jozi hutoa mraba mmoja. Jozi ni 63, kwa hiyo miraba ni 63. Nusu ya namba zina kipeuo, na kila yenye kipeuo inavyo viwili. Nusu ya pili haina kabisa.

Mtu mwenye subira anaweza kuiandika miraba hiyo 63 kwenye karatasi akaona kama 30 imo. Tatizo ni kwamba akibadilishiwa namba tasa, akapewa yenye tarakimu sita, karatasi zitamwishia. Zaidi ya hapo, orodha inamwambia kuwa 30 imo au haimo, lakini haimwambii kwa nini.

Njia nzuri zaidi huanza kwa kuivunja namba yenyewe. 30 ni 2 mara 3 mara 5, na 33 ni 3 mara 11. Kuna kanuni moja inayoruhusu kuuliza habari za kila kipande peke yake, kisha kuunganisha majibu. Ukizidisha mbili zenye kipeuo, jibu lina kipeuo; hilo halina ubishi, maana vipeuo vyenyewe vinazidishwa tu. Ukizidisha yenye kipeuo kwa isiyo nacho, jibu halina. Linaloshangaza ni la tatu: ukizidisha mbili ambazo zote hazina kipeuo, jibu linacho!

Sababu yake ni nafasi. Chukua namba moja isiyo na kipeuo, uizidishe kwa mabaki yote 126. Kwa kuwa 127 ni tasa, majibu hayagongani. Kila baki hutokea mara moja tu. Zile 63 zenye kipeuo zimekwenda kukaa kwenye nafasi 63 zisizo na kipeuo na kuzijaza zote. Basi zile 63 nyingine, zisizo na kipeuo, hazina pa kwenda ila kwenye nafasi zilizobaki, na hizo ni za wenye kipeuo. Ni kama chanya na hasi: hasi mara hasi ni chanya. Wengi hukosea hapa. Wanaona 3 haina kipeuo, wanahukumu papo hapo kwamba 30 nayo haina, na kuacha hesabu nusu njia.

Kwa hiyo tunahitaji kujua habari za 2, 3, 5 na 11 mbele ya 127. Namba 2 ina sheria yake ya peke yake: ina kipeuo mbele ya namba tasa inayoacha 1 au 7 ikigawanywa kwa 8, na haina mbele ya inayoacha 3 au 5. 127 ni 8 mara 15, na baki ni 7. Basi 2 inacho. Ukitaka uhakika, mraba wa 16 ni 256, na 256 ukitoa 254 unabaki na 2.

Kwa namba tasa witiri kama 3, 5 na 11 tunatumia sheria iliyomsumbua Euler, ambaye aliiona bila kuithibitisha. Legendre naye alijaribu kuithibitisha akaacha pengo. Carl Friedrich Gauss, kijana wa Brunswick nchini Ujerumani, alipata uthibitisho kamili wa kwanza tarehe 8 Aprili 1796, akiwa bado hajatimiza miaka 19. Aliuchapisha mwaka 1801 katika kitabu chake Disquisitiones Arithmeticae, na hakuridhika nao. Aliendelea kutafuta uthibitisho mwingine na mwingine kwa miaka mingi. Huwa namwelewa. Sheria hii inasema jambo ambalo halina sababu ya wazi ya kuwa kweli.

Inasema hivi. Chukua namba tasa mbili witiri. Uliza kama ya kwanza ina kipeuo mbele ya ya pili. Kisha geuza, uliza kama ya pili ina kipeuo mbele ya ya kwanza. Maswali hayo mawili yana jibu moja. Ila kama zote mbili zinaacha 3 zikigawanywa kwa 4, majibu yanapingana: likiwa ndiyo upande huu, ni hapana upande ule.

Faida yake ni kwamba swali kubwa hugeuka kuwa dogo. Hatujui kama 5 ina kipeuo mbele ya 127, lakini tunaweza kuuliza kama 127 ina kipeuo mbele ya 5, na mbele ya 5 yale 127 ni baki la 2 tu. Miraba mbele ya 5 ni 1 na 4 peke yake. 2 haimo. Ikigawanywa kwa 4, 5 huacha 1, kwa hiyo majibu hayapingani: 5 haina kipeuo mbele ya 127.

Tuje kwa 3. Ikigawanywa kwa 4, 3 ni baki la 3, na 127 nayo huacha 3, basi majibu yanapingana. Mbele ya 3, 127 ni baki la 1, na 1 ni mraba wa 1. Jibu la upande huo ni ndiyo, kwa hiyo upande wetu ni hapana: 3 haina kipeuo.

Sasa unganisha. 2 inacho, 3 haina, 5 haina. Hapana mbili zinafutana. 30 ina kipeuo mbele ya 127, na tumelijua hilo bila kukiona kipeuo chenyewe.

Kwa 33 tunahitaji 11. Nayo huacha 3 ikigawanywa kwa 4, kwa hiyo majibu yanapingana tena. Mbele ya 11, 127 ni baki la 6. Miraba mbele ya 11 ni 1, 4, 9, 5 na 3, 6 haimo. Hapana ya huko ni ndiyo ya huku, basi 11 inacho. Lakini 33 ni 3 mara 11, hapana moja na ndiyo moja, na hapana moja haina wa kuifuta. 33 haina kipeuo. Kosa la kawaida katika hatua hizi ni kusahau kugeuza jibu pale namba zote mbili zinapoacha 3, na mtu akisahau mara moja tu, jibu lote linapinduka.

Bahati nzuri ipo njia ya kujikagua, nayo ndiyo inayotoa kipeuo chenyewe. Fermat aliandika mwaka 1640 juu ya jambo ambalo kwa 127 linasomeka hivi: namba yoyote isiyogawanyika kwa 127, ukiipandisha kipeo cha 126, huacha 1. Basi kipeo cha nusu yake, 63, lazima kiache 1 au hasi 1. Euler alionyesha kwamba huacha 1 kama namba ina kipeuo, na hasi 1 kama haina. Sasa chukua kipeo cha 32. Mraba wake ni kipeo cha 64, yaani kipeo cha 63 kikizidishwa na namba yenyewe mara moja zaidi. Kwa hiyo ukipandisha namba kipeo cha 32, kisha ukatafuta mraba wa jibu, utarudi kwenye namba yako, au kwenye hasi yake.

Kipeo cha 32 ni kupiga mraba mara tano tu. Anza na 30: mraba ni 900, baki 11. Mraba wa 11 ni 121. Kwa kuwa 121 ni pungufu ya 127 kwa 6, tumia hasi 6 ili kurahisisha. Mraba wake ni 36. Mraba wa 36 ni 1296, baki 26. Mraba wa 26 ni 676, baki 41. Jaribu 41: mraba wake ni 1681, na 127 mara 13 ni 1651. Baki ni 30 kamili. Vipeuo ni 41 na mwenzake 86. Na njiani tumeona kwamba 11 ni mraba wa 30, kama sheria ya Gauss ilivyotuambia.

Ukifanya vivyo hivyo kwa 33 unapata 73, halafu 122, halafu 25, halafu 117, halafu 100. Mraba wa 100 ni 10000, na baki lake ni 94. Hatukupata 33. Lakini 94 na 33 jumla yake ni 127, yaani 94 ni hasi 33, kama ilivyotarajiwa kwa namba isiyo na kipeuo. Baki likiwa si 33 wala 94, ujue umekosea kuzidisha mahali.

Hesabu hiihii, kwa namba tasa yenye tarakimu 78, hufanywa na programu za Bitcoin. Ufunguo wa umma uliofupishwa hubeba nusu tu ya habari pamoja na alama inayosema kipeuo kinachotakiwa ni shufwa au witiri, na programu hujitafutia kipeuo. Namba tasa yao, kama 127, huacha 3 ikigawanywa kwa 4, ndiyo maana kipeo kimoja kinatosha.

Tahadhari moja ni ya namba zisizo tasa. Mbele ya 3, 2 haina kipeuo. Mbele ya 5 pia haina. Mtu akizidisha hapana hizo mbili atatangaza kwamba 2 ina kipeuo mbele ya 15. Miraba mbele ya 15, ukiacha sifuri, ni 1, 4, 6, 9 na 10. 2 haimo. Mbele ya 15 hapana hazifutani: inatakiwa ndiyo kwa 3 na ndiyo kwa 5, zote mbili.

Na kwa namba tasa zinazoacha 1 zikigawanywa kwa 4, kama 13 au 17, sheria ya kuamua inafanya kazi ileile, ila njia ya mkato ya kipata kipeuo haipo. Alberto Tonelli alionyesha njia nyingine mwaka 1891, nayo inadai kwanza ushike namba moja isiyo na kipeuo. Kwa mkono si kazi: jaribu 2, halafu 3, halafu 5, na kwa kuwa nusu ya namba zote hazina, utaipata upesi. Lakini kanuni ya kuitaja moja kwa haraka, mbele ya namba tasa yoyote kubwa, bila kubahatisha, bado hakuna aliyeithibitisha.