Hedhi Katika Ukumbi wa Parokia: Vitambaa, Maji na Ndoo

Matope ya Mlima Hanang yalipoangukia mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, familia zilizopoteza nyumba zilihifadhiwa katika majengo ya shule. Parokia zetu nazo hufungua kumbi wakati wa mafuriko, na kamati huhesabu mablanketi, unga na maharage. Kati ya waliolala ukumbini, wapo wanawake na mabinti walio katika hedhi usiku ule ule. Wengi wetu tunaopokea watu hao ni wanaume, na binti hatatuomba kitambaa. Ndiyo maana tunaliandika jambo hili waziwazi.

Mara nyingi misaada huja na pedi za kufua, kwa kuwa hazileti taka kila siku. Vitabu vya viwango vya misaada hutaja sita kwa mwanamke kwa mwaka, pamoja na sabuni ya ziada. Tuone kama sita zinatosha. Binti akitumia tatu kwa siku, jioni anazifua, na kesho yake ziko kambani huku akitumia tatu nyingine. Jua likiwaka, siku ya tatu zile za kwanza ziko tayari. Lakini mafuriko huja na mvua. Pedi nene iliyoshonwa tabaka juu ya tabaka inaweza kuchukua siku mbili kukauka, na hapo siku ya tatu hana hata moja. Atavaa yenye unyevu, kwa kuwa hana jinsi.

Kwa sababu hiyo, wakati wa mvua tunaona kitambaa cha kukunja ni bora kuliko pedi nene. Kipande cha kanga kuukuu au fulana ya pamba hukunjwa mara kadhaa kikivaliwa, kisha hufunguliwa kikawa tabaka moja kikianikwa. Upepo tu wa ukumbini humaliza kazi. Kujua kama kimekauka, kibonyeze kwenye shavu: kikitoa ubaridi, bado.

Maji nayo hayahitaji kuwa mengi kama tunavyodhani. Vitambaa vitatu huloweshwa katika lita moja ya maji baridi, kwani ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi. Lita ya pili ni ya kufua kwa sabuni, na mbili za mwisho za kusuuza. Maji ya mwisho ya kusuuza huwekwa kwenye ndoo yenye kifuniko ili kulowekea kesho, hivyo kuanzia siku ya pili lita tatu zinatosha. Ndoo hiyo isichanganywe na ya kupikia.

Kigumu zaidi ni kuanika. Mahali penye watu wengi, binti huficha kitambaa chini ya godoro au ndani ya mfuko, na hapo hakikauki kamwe. Wengine huogopa si aibu tu, bali kwamba damu yao ikionekana inaweza kutumiwa kwa uchawi. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuikemea. Funga kamba nyuma ya pazia, upande wa wanawake, juani ikiwezekana, na kila mmoja atandaze kanga nyepesi juu ya vitambaa vyake. Upepo unapita, macho hayapiti. Akina mama wa WAWATA wanaweza kulisimamia hilo vizuri kuliko paroko.

Unyevu ukiendelea, ngozi ya mapajani huchubuka na kuwasha. Kuwashwa ukeni, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya tumbo la chini pamoja na homa ni jambo la kupelekwa zahanati, si la kusubiri. Na kujisafisha kwa sabuni ndani ya uke huongeza tatizo. Kikombe cha maji kwa nje kinatosha.

Kwa pedi za kutupa, kosa la kawaida ni kuziacha ziingie chooni. Plastiki yake haiozi, shimo hujaa haraka, na gari la kunyonya uchafu likija mpira wake huziba. Kuzichoma uwanjani nako hakufai: zimelowa, hufuka moshi na kubaki nusu. Weka ndoo yenye kifuniko ndani ya kila choo cha wanawake, si nje mlangoni, maana hakuna atakayebeba pedi mkononi mbele ya foleni. Imwagwe kila siku na mwanamke anayejulikana, mwenye glavu. Penye ardhi kavu, zifukiwe kwenye shimo angalau mita 30 kutoka kisimani. Penye mafuriko maji ya ardhini yako juu, hivyo tuongee na kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea taka wazipokee kwenye mifuko iliyofungwa, na makubaliano hayo yafanyike kabla ya msimu wa mvua.