Mtoto Akikataa Kupakatwa na Anko, Usimlazimishe

Wageni wamefika wikendi, na anko anamwita mpwa wako wa miaka mitano aje akae mapajani mwake. Mtoto anajificha nyuma yako. Usimwambie, "Wacha madharau, enda kwa anko." Hapo unamfunza kwamba mtu mzima akimtaka, yeye hana ruhusa ya kukataa. Mwambie amsalimie kwa gota au ampungie mkono. Heshima iko palepale.

Ukiwa naye wakati wa kuoga, mfunze majina halisi ya sehemu za siri, ndio akisema kitu kila mtu aelewe. Sehemu zinazofunikwa na chupi haziguswi, ila akioshwa au akitibiwa mzazi akiwepo. Na siri ya kuguswa haiwekwi, hata akipewa peremende.

Akikuambia anko alimgusa, usipige nduru wala usiulize, "Una uhakika?" Mwambie, "Nimekuamini, si makosa yako." Usimhoji mara kumi. Hakikisha haachwi tena na huyo anko, kisha piga 116, laini ya bure ya watoto, usiku au mchana. Kama amenajisiwa, mfikishe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kuisha, na asiogeshwe kwanza.